Nani Kaifuta Hina Yako?



Leo sina mchanganyiko mpya wa singo wala mitindo ya mashela. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe unaanzia kwangu.

Mwaka jana nilimpaka hina bibi harusi mmoja hapa mjini. Nilikaa naye saa nne, mikono mpaka karibu na viwiko na miguu mpaka juu ya vifundo. Binti mwenyewe ni mweusi, ule weusi mzito unaometa baada ya kusingwa, na hina ilimkubali. Viganjani ilikoza rangi ya tende. Kwa kuwa ukumbini tulikuwa wanawake watupu, picha nazo nilipiga mimi, maana siku hizi nafanya kazi zote mbili. Tulipomaliza, mama yake akanivuta pembeni akaninong'oneza: "Mwanangu, mng'arishe kidogo. Hizi zinakwenda Maskati kwa mashangazi wa bwana."

Nikamng'arisha. Wiki iliyofuata nikapeleka albamu. Bibi yake mzaa mama akaisogeza karibu na macho, akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akauliza: "Na mwali wenyewe yuko wapi?"

Watu wakacheka, wakasema macho ya bibi yamechoka. Bibi harusi hakucheka. Mimi nikaitazama ile picha kwa mara ya kwanza kama mtu baki, na nilichokiona kwanza hakikuwa uso. Nilikiona kiganja. Hina yangu ya rangi ya tende ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Saa nne za kazi yangu nimezifuta kwa kidole changu mwenyewe, kwa kusogeza kitufe kimoja.

Nataka nikueleze kitufe hicho kinafanya nini, kwa sababu ukishakijua hutadanganywa tena na neno "kung'arisha".

Programu ninayotumia ni Lightroom, na wapiga picha wengi wa harusi wanayo. Ina sehemu inayoigawa picha katika rangi nane, na kila rangi ina kitufe chake cha kuisogeza peke yake. Ngozi ya mwanadamu, awe Mswidi au Mmakonde, kwa hesabu ya kompyuta inaangukia kwenye chungwa. Tunatofautiana kwa kina tu, wengine chungwa jepesi, wengine chungwa lililozama. Kwa hiyo "siri" ya kung'arisha, ile inayouzwa mitandaoni kama kifurushi cha harusi, ni fupi mno. Unafungua Orange, unapandisha Luminance, unashusha Saturation kidogo. Kila aliye mweusi anakuwa maji ya kunde, na kila aliye maji ya kunde anakuwa mweupe. Ni suala la sekunde tatu, na unaweza kuzipitisha picha mia tano kwa pamoja bila kumtazama hata mtu mmoja.

Lakini hina nayo iko kwenye chungwa na wekundu. Dhahabu iko kati ya chungwa na manjano. Mlango wa mninga ulio nyuma yako uko kwenye chungwa. Kitufe hakijui kipi ni shavu na kipi ni pambo. Unapoifukuza rangi ya ngozi, unaifukuza na hina, dhahabu ya mahari inapauka kama bati lililopigwa jua, na mlango unafanana na mbao za sanduku. Kinachobaki na rangi yake ni piko tu, kwa sababu ni jeusi na halimo kwenye chungwa. Ndiyo maana siku hizi unaona picha za maharusi zenye mistari myeusi ya piko inayoelea juu ya mikono isiyo na hina. Si kwamba hina haikukoza. Imefutwa.

Basi najua utaniambia: "Lakini wee, kamera yenyewe inatutia giza! Bila kusafisha, uso hauonekani." Hapa una haki, na sitaki kukukwepa.

Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilichomo ndani ya picha, ukikichanganya chote, kinatoka kijivu cha kati. Sasa muweke bibi harusi mweusi ndani ya gauni jeupe lililojaa picha nzima. Kamera inaona weupe mtupu, inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Gauni linatoka kijivu na uso unazama gizani. Hilo ni kosa la kweli, na ni kosa lenye historia. Katika zama za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Akitoka vizuri yeye, mashine imepangika. Sisi wengine tulitoka meno na macho. Na kampuni ilipokuja kuziboresha filamu zake zishike kahawia nzito, miongoni mwa waliolalamika wakasikilizwa ni wenye matangazo ya chokoleti na ya samani za mbao. Kabati lilitangulia kupata haki yake kabla ya bibi yako.

Lakini dawa ya mwanga ni mwanga. Unapima mwanga usoni badala ya kwenye gauni. Unamsogeza mwali karibu na mlango au dirisha, au unamwekea kitambaa cheupe pembeni kirudishe nuru shavuni. Picha ikishapigwa na bado ni giza, unaongeza mwanga wa picha nzima. Hapo angalia kinachotokea. Uso unapanda, hina inapanda, dhahabu inapanda, gauni linapanda. Wote wanapanda pamoja, na kila mmoja anabaki jirani wa yule yule. Aliyekuwa mweusi kuliko mlango anabaki mweusi kuliko mlango, ila sasa unamwona kila mkunjo wa tabasamu.

Kubadilisha rangi ya ngozi ni jambo jingine kabisa. Hapo unamwinua mmoja na kuwaacha majirani zake chini, au unawafuta. Huo ndio mpaka, na kipimo chake hakihitaji kompyuta. Itazame hina, kisha utazame uso. Tazama shingo na masikio. Mtazame mama aliyesimama ubavuni mwake. Kama nyumbani wanafanana rangi na pichani mtoto amekuwa wa ukoo mwingine, hapo mwanga haukurekebishwa. Mtu amebadilishwa.

Sasa tuje kwenye simu, maana si kila mtu ana mpiga picha, lakini kila mtu ana simu.

Filta ya simu inafanya kazi ile ile yangu, kwa kasi zaidi na bila kukuuliza. Kwanza inautafuta uso: macho, pua, mdomo, mzingo wa taya. Ikishaupata inaufunika kama ukaya, kisha inafanya mambo mawili juu yake. Inasawazisha, yaani kila kitundu cha ngozi kinachanganywa na jirani yake mpaka vyote viwe sawa, huku ikiacha kope na midomo ili usishtuke. Halafu inapandisha weupe. Kwa kuwa filta nyingi hushika uso tu, mikono inabaki ilivyo. Ndiyo maana kuna selfi ambazo uso ni wa mtu mmoja na mkono ulioshika simu ni wa mwingine.

Waniambia ni mchezo tu. Basi nionyeshe filta ya "urembo" iliyomchukua binti mweupe ikamfanya mweusi, na ikaandikwa jina zuri. Mchezo gani huu ambao mpira unaviringika upande mmoja tu?

Mwaka 2017 programu iitwayo FaceApp ilitoa filta iliyoahidi kumfanya mtu avutie zaidi. Watu weusi walipoijaribu, ikawatia weupe. Kelele zilipozidi, mkuu wa kampuni aliomba radhi, na maelezo yake ndiyo ninayotaka uyashike. Alisema tatizo lilitokana na upendeleo uliokuwa ndani ya picha walizozitumia kuifundisha programu. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekaa akaandika "wafanye weupe". Mashine ilionyeshwa nyuso zilizoitwa nzuri, ikajifunza kwamba weupe ni sehemu ya uzuri, na ikatekeleza. Kwanza walibadilisha jina la filta ile, kisha wakaiondoa. Lakini funzo lake ni kwamba filta haina maoni yake. Inarudia tulichoifundisha.

Na tuseme kweli, dada zangu. Kisiwa hiki hakikuhitaji simu ili kijifunze hilo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, lakini mizani yake haikufungwa. Tunayo ndimi zinazosema "mzuri, ila mweusi", kama vile weusi ni kilema kinachohitaji samahani. Mtoto akizaliwa tunatazama masikio na kucha tujue "atakuwa rangi gani". Binti wa maji ya kunde anaitwa mwenye rangi, na mweusi tii anaambiwa ana bahati kwa kuwa "ana sura". Filta imekuta shamba limeshalimwa. Imeleta jembe la injini tu.

Sasa linalonichoma zaidi, nalo ni picha ya posa.

Zamani mwanamme au mama yake alikuja nyumbani, ukaleta sinia la kahawa, ukatazamwa, ukatazama. Bwana Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Mughira bin Shu'ba, alipotaka kuoa, akamtazame yule mwanamke, kwani hilo lina nafasi kubwa zaidi ya kuleta maelewano baina yao. Leo mposaji yuko Maskati au London, na kutazamana kwenyewe kumekuwa picha ya WhatsApp. Picha imechukua nafasi ya jambo lenye hukumu. Basi nayo ina hukumu.

Unakijua kisa cha mwenye chungu ya nafaka sokoni. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua imenyesha. Akaulizwa kwa nini basi ile iliyolowa hakuiweka juu watu waione, na akaambiwa kwamba mwenye kudanganya si katika sisi. Mtu yule hakusema uongo hata kwa neno moja. Alichofanya ni kupanga kilicho juu ili mtazamaji ahukumu kwa alichoonyeshwa. Picha ya posa iliyotiwa weupe ni chungu ile ile.

Lakini ngoja, kwani kisa hiki kina makali pande mbili. Nafaka iliyolowa ni nafaka iliyoharibika. Ngozi yako haijalowa. Haina aibu ya kufichwa chini. Katika Sura ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu anazihesabu rangi zetu pamoja na ndimi zetu miongoni mwa ishara Zake, zinasimama karibu na kuumbwa mbingu na ardhi. Wewe unapoificha rangi yako unafanya ghushi ya ajabu, ya mtu kuifunika nafaka nzima kwa nafaka iliyopakwa chokaa. Unamdanganya mposaji, na unajidhulumu mwenyewe katika muamala mmoja.

Na mposaji anayejibu "rangi yake siyo" ameshajieleza. Sahaba Abu Dharr (r.a.) alipomtukana mtu kwa mama yake, na wapokezi wanaeleza ilikuwa ni kwa weusi wa mama huyo, Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa ni mtu ambaye ndani yake bado mna ujahili. Akaambiwa hivyo sahaba mkubwa, tena mcha Mungu. Shangazi wa bwana harusi ni nani asiambiwe? Bora umjue siku ya picha kuliko umjue siku ya fungate.

Hapa pana swali ninaloulizwa kila mara: "Na wanja je? Na poda? Si nazo zinabadilisha?" Wanja unaonekana kuwa ni wanja. Hina inaonekana kuwa ni hina. Hakuna mume aliyedhani mkewe alizaliwa na maua viganjani. Pambo linakaa juu yako na linajitangaza. Linaloingia kwenye kundi la filta ni ile foundation inayochaguliwa ngazi mbili juu ya shingo yako, na mimi nimeshawapaka watu hivyo, Mungu anisamehe. Ukitoka ukumbini kama umetiwa unga, lile nalo ni chungu ya nafaka. Rangi ya foundation hujaribiwa tayani, karibu na shingo, mbele ya dirisha. Ikipotea ndiyo yako.

Na msiseme filta haina madhara mwilini. Filta haina, lakini kinachofuata kinayo. Binti ametuma picha nyeupe. Posa imekubaliwa. Miezi mitatu imebaki, na bwana anashuka. Sasa mwili ni lazima uifukuzie picha. Wanawake walionijia wakiuliza kwa sauti ya chini wapi wanapata mkorogo "mzuri" walikuwa na simu mkononi, na picha waliyonionyesha kama kipimo haikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa yao wenyewe, ndani ya filta.

Mkorogo una nini? Mara nyingi ni zebaki, au haidrokwinoni, au dawa kali za jamii ya steroidi zilizokusudiwa kutibu maradhi ya ngozi kwa muda mfupi na chini ya daktari. Steroidi huipunguza ngozi unene mpaka mishipa ionekane, na ukiacha ghafla uso unawaka wekundu na kuwasha. Haidrokwinoni ikitumika kwa muda mrefu inaweza kuacha madoa ya buluu-nyeusi magumu kuondoka, yaani weusi unaorudi kwa ghadhabu. Zebaki huingia mwilini kupitia ngozi, huumiza figo, na kwa mwenye mimba humfikia mtoto tumboni. Bibi harusi wa leo anatarajiwa kuwa na mimba baada ya muda mfupi tu. Fikiria hesabu hiyo: picha moja, posa moja, kopo moja, na mtoto asiye na habari.

Singo ya bibi zetu haikuwa hivyo. Asumini, waridi, msandali na marashi vilisugua uchafu na ngozi iliyokufa, ngozi ikabaki yako, laini na yenye harufu. Somo hakukuahidi kukutoa rangi. Alikuahidi kuitoa rangi yako ing'are. Neno "kung'arisha" tumelinyang'anya pale tukalipeleka kwenye kitufe.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyataka, na nayataka kwa majina.

Wewe mwenye simu, fungua kamera ya mbele, ingia sehemu ya Beauty, ushushe kila kitu mpaka 0. Baadhi ya simu hutoka dukani imeshawashwa, na wengi hawajawahi kuuona uso wao halisi kupitia simu zao. Kisha weka kiganja karibu na shavu, simama dirishani, piga. Mkono na uso vikiwa vya mtu mmoja, umefika.

Wewe bibi harusi, unapomlipa mpiga picha, mwambie maneno haya kabla ya arubuni: "Rekebisha mwanga, usiguse rangi ya ngozi. Hina yangu itoke kama ilivyokoza." Na umwombe akuonyeshe albamu ya bibi harusi mweusi aliyewahi kumpiga. Akiwa hana, au wote waliomo wanafanana rangi, tafuta mwingine.

Wewe mama, usimnong'oneze mpiga picha. Binti yako anasikia. Hata asiposikia maneno, ataiona albamu.

Wapiga picha wenzangu, tuache kusema "mteja ndiye anayetaka". Mimi mteja alitaka, na kidole kilikuwa changu.

Yule bibi harusi alinipigia baada ya siku chache akaniuliza kama picha za asili bado ninazo. Ninazo, kwa sababu Lightroom haiiharibu picha ya kwanza; marekebisho yote yanawekwa juu yake na yanaweza kuondolewa. Nikakirudisha kitufe cha Orange kwenye 0, nikaongeza mwanga wa picha nzima, nikamchapishia albamu ya pili bila malipo. Mama yake mpaka leo ananiambia nimemtia giza mwanawe. Maharusi wawili wamenikimbia tangu nilipoanza kukataa kufanya kazi ile, na sidai kwamba haikuniuma mfukoni.

Lakini hina imerudi viganjani, rangi ya tende, na bibi alipoonyeshwa hakuuliza mwali yuko wapi.

Allah atujaalie tuione neema Yake katika sura Aliyotupa. Amin.